Mumuambie niko muzuri: wimbo wa mama mmoja wa Kigonze

Leo sina habari ya barabara wala ya usalama. Nataka kuzungumza juu ya wimbo mmoja ambao wamama wa kambi ya Kigonze wanauimba kwenye foleni ya maji. Wengine kati yenu mmekwisha kuusikia bila kujua umetoka wapi. Ni wimbo wa mtu aliyeachwa na ambaye anasema hajali. Anasema hivyo toka mwanzo mpaka mwisho, na hakuna anayemwamini. Umetungwa kusudi asiaminiwe.

Nimeufuata wimbo huu tangu ulipokuwa na maneno mengine kabisa. Mtungaji amenikubalia niandike, kwa sharti moja: nisitaje jina lake, wala la mwanaume, wala la kijiji. Nitamwita Mama tu.

Mama alikimbia Djugu mwezi wa 6, mwaka 2019. Mnaukumbuka mwezi ule, watu walivyoingia Bunia kwa miguu na kwa moto, mwenye godoro na godoro lake, mwenye mbuzi na mbuzi wake. Alifika na mume na watoto wawili, na wa tatu akazaliwa hapa mjini. Mume alikaa muda bila shamba, mikono mitupu, akibeba mizigo sokoni siku iliyo na mizigo. Kisha akaenda Mongbwalu kutafuta dhahabu. Si jambo geni, nusu ya wanaume ninaowajua wamewahi kushuka kwenye karye angalau mara moja. Mwanzoni alituma franga kwa vijana wa moto. Halafu akatuma kidogo. Halafu kijana mmoja wa moto akaleta sentensi moja tu: bwana amepata nyumba kule, na ndani mna mwanamke.

Hakukuwa na karatasi wala baraza. Mahari haikurudishwa na hakuna aliyeidai. Mama ni mtu wa korasi ya kanisa, tangu usichana wake anaimba sauti ya pili, na jambo likimzidi analiimba. Basi alitunga.

Wimbo wa kwanza ulikuwa na kila kitu ambacho nyimbo za kuachwa zinacho: machozi, moyo, usiku mrefu, Mungu. Nilimsikia akiuimba. Sauti yake ilikuwa nzuri na wimbo ulikuwa wa kila mtu, maana yake si wa mtu yeyote. Lakini hilo halikumsumbua. Kilichomsumbua ni majirani. Pale kambini ukuta ni bashi la plastiki. Jirani akikohoa unajua ni wa kushoto au wa kulia. Siku tatu baada ya kuuimba, wamama walianza kumletea pole mlangoni. Mmoja alileta pole na macho yaliyokuwa yakichungulia ndani kuona kama nguo za mwanaume bado zimetundikwa. Dada wa mume, ambaye anakaa safu ya pili, aliacha kumsalimia, kwa sababu kulia wazi ni kushtaki, na kushtaki kunaita ukoo. Watoto nao walisikia. Wa kwanza, mwenye umri wa kuelewa, aliuliza kama baba amekufa.

Mama hakuficha uchungu kwa majivuno tu. Kulia wazi kuna bei, na bei yenyewe inalipwa na watu ambao hawakukosa. Alitaka wimbo anaoweza kuuimba mbele ya watoto na mbele ya wifi yake, ambao hautamki lawama hata moja, na ambao siku ukifika Mongbwalu utamkuta mwanaume mwenyewe akiwa hana pa kujificha.

Aliniomba nimsaidie kuandika maneno, kwa kuwa mimi huwa natembea na kalamu. Kazi yenyewe aliifanya yeye. Mimi niliandika, nikauliza maswali, na mara moja moja nikabisha.

Kitu cha kwanza alichokifanya ni kupata wa kutumwa. Wimbo hausemi na mwanaume, unasema na watu wanaokwenda huko. Kiitikio chake ni hiki, na ninakiandika kama anavyokiimba, kwa Kiswahili chetu cha Bunia, si kile cha shule:

Mukipita soko ya Mongbwalu,
mukimuona, mumuambie niko muzuri.
Batoto banakula, bashi haivuji,
mumuambie niko muzuri.

Wapenzi wa muziki wa Tanzania mtakumbuka kwamba njia hii ya kutuma mtu si mpya. Wimbo uliomfanya Diamond Platnumz ajulikane, karibu na mwaka 2010, unaitwa «Kamwambie», na jina lake peke yake ni agizo kwa mjumbe. Katika wimbo ule mjumbe anabeba maumivu waziwazi. Miaka michache baadaye, mwaka 2014, huyohuyo Diamond alitoa «Nitampata Wapi», na pale hata mjumbe hayupo tena: swali lenyewe ni kilio. Ni nyimbo nzuri na sisi sote tumezicheza, lakini mwimbaji anafungua mlango na kukuonyesha chumba chote. Mama alimchukua mjumbe yule yule akampa habari ya kinyume. Mwambie niko salama. Tatizo ni moja, na ndilo linaloubeba wimbo: mtu aliye salama kweli, ambaye hana haja na wewe tena, hatumi watu wawili watatu wapite sokoni kukutafuta ili wakuambie hivyo.

Tazama tena mstari wa tatu. Watoto wanakula, sawa, hiyo ni habari ambayo baba yeyote angepaswa kuiuliza. Lakini bashi? Nani aliuliza juu ya bashi? Msikilizaji hajui kwa nini neno hilo limeingia, analiacha lipite. Ubeti wa pili ndio unaomrudisha:

Mvua ya jana haikukuwa mukubwa,
nilivuta mukeka upande yake tu.

Basi bashi linavuja. Linavuja upande wa mama na watoto, na sehemu iliyobaki kavu ni ile aliyokuwa analala mume, ambayo mpaka jana hakuna aliyeigusa. Hakuna neno la huzuni katika mistari hii miwili. Kuna mvua, mkeka na upande. Nilipoisikia mara ya kwanza niliweka kalamu chini, na Mama akacheka, akaniambia nisimtazame hivyo, ni mvua tu.

Nilimwuliza kama hilo lilitokea kweli. Alisema mvua ilinyesha kweli na mkeka aliuvuta kweli. Ninaliandika hili kwa ajili ya vijana wanaoniletea mashairi yao, maana wengi wanatafuta uchungu kwenye maneno makubwa. Uchungu wa Mama uko kwenye vitu vinavyoshikika vilivyomo mle ndani ya hatua nne kwa tano. Ubeti wa kwanza ni wa jikoni:

Sombe napika kwa sufuria kidogo,
ile ya mukubwa nilipatia jirani.
Chumvi ya franga mia tano
inakaa siku mingi sasa.

Sikiliza namna anavyotamba. Chumvi inakaa! Ni mama anayejua kubana matumizi, mambo yanakwenda. Mtu asiyejua nyumba atamsifu. Anayejua nyumba atahesabu: sufuria kubwa imetoka, chumvi haiishi, pale mezani kuna mdomo mmoja mkubwa uliopungua. Na sufuria kubwa hakuiuza, ingawa ingempa franga. Aliiacha kwa jirani, mahali ambapo anaweza kwenda kuichukua siku yoyote ikihitajika tena. Hilo mimi sikuliona. Aliniambia mama mwingine kwenye foleni ya maji, naye alilisema kama kitu cha wazi kabisa.

Ubeti wa tatu ndio uliotuchukua muda mrefu. Mwanaume aliacha shati la bulu. Katika maneno ya kwanza Mama alisema ameliosha na kulikunja. Nikamwambia mtu anayeosha shati la aliyemwacha amekwisha kusema kila kitu, hakuna aliyebaki wa kudanganywa. Wimbo wa kujifanya unahitaji kwanza uongo wenye nguvu, ili ufa uonekane. Akafikiri siku mbili. Akarudi na hii:

Shati yake ya bulu nilikata,
nikashonea mutoto kaputula.
Mufuko ya shati nimeacha,
mutoto anatia mawe ndani.

Sasa kuna mkasi. Kukata shati la mwanaume ni kitendo cha mtu aliyemaliza. Wamama wanapofika kwenye neno «nilikata» wanapiga kofi moja, kila mara, kama wanamsaidia kukata. Halafu unakuja mfuko. Kaputula ya mtoto haikuhitaji mfuko wa kifuani wa mtu mzima. Aliubandua shatini akaushona tena mbele ya kaputula, kazi ya sindano ya mchana mzima, na hakusema kwa nini.

Kuna mambo yaliyoharibika njiani. La kwanza ni wingi. Katika nakala ya pili Mama aliweka «niko muzuri» mwisho wa kila mstari. Nilihesabu, ilitokea mara 11. Mtu akikuambia mara moja kwamba hana neno, unamwamini. Akisema mara ya tatu, unamtazama usoni. Akifika mara ya 11 watu wanacheka, na kweli walicheka, wakafanya mzaha wake wa kambi nzima, watoto wakiitana kwa neno hilo. Alipunguza. Sasa kiitikio kinakuja mara tatu tu.

La pili ni sauti. Wasichana wa korasi waliupenda wimbo wakautengeneza upya kwa sauti tatu, polepole, kama tunavyoimba kwenye matanga. Ulikuwa mzuri kusikia lakini wimbo ulikufa. Muziki ulikuwa unalia kabla ya maneno kufika, na maneno yakibaki yanasema «niko muzuri» juu ya muziki wa msiba, msikilizaji hana la kugundua, ameambiwa tayari. Mama mwenyewe anauimba kwa mwendo wa kutwanga sombe. Mchi unashuka, neno linashuka. Ni mwendo wa mtu mwenye kazi mkononi, karibu wa furaha. Mahali pamoja tu mchi unasimama: baada ya «upande yake». Kipigo kimoja kinakosekana, halafu «tu», halafu kazi inaendelea. Nimewasikia wengine wakiuimba kwa kujaza pengo lile, na mstari unapita kama habari ya hali ya hewa.

Wazee wetu waliokua na rumba wanaijua hila hii kwa Kilingala. Mbilia Bel, alipokuwa na Afrisa ya Tabu Ley katika miaka ya 1980, aliimba «Eswi Yo Wapi», maana yake kama «imekuuma wapi?». Baba mmoja wa mtaa wa Lumumba aliniambia kwamba ujanani mwake alidhani ni wimbo wa mtu aliyeshinda, mpaka siku mke wake alipomwuliza swali lile lile nyumbani kwa sauti ya upole. Tangu siku hiyo anaamini kwamba anayeuliza sana mwenzake anaumwa wapi ana mkono juu ya kidonda chake mwenyewe. Ni tafsiri yake, siitii kwenye mdomo wa Mbilia Bel, lakini nilimpelekea Mama na alitikisa kichwa kukubali.

Tulikuwa na njia ya kupima kama maneno yanafanya kazi, na ninaona inafaa kuieleza kwa sababu ni rahisi. Mama aliuimba kwa watu wasiomjua, kwenye mashine ya kusaga, na mimi nikasikiliza wanavyosema baadaye. Wakisema «pole sana, mama», maana yake wimbo umesema mno. Wakisema «asante Mungu, huyu amepona», maana yake umesema kidogo mno, uongo umewatosha. Mara ya kwanza tulipata pole. Tulipoondoa shati lililokunjwa na kuingiza mkasi, tukapata «amepona» kutoka kwa wanaume wawili. Baada ya mfuko na mawe, mama mmoja mzee hakusema pole wala asante. Alimwuliza: hilo bashi lako, umeliripoti kwa kiongozi wa safu? Mama aliniambia njiani kwamba sasa wimbo umekwisha kuwa tayari.

Ubeti wa mwisho tulibishana, na mpaka leo nashikilia maoni yangu.

Miye sihesabu miezi, kazi ni mingi.
Sabuni bamegawa mara saba tangu alienda.

Nilisema huu unaonyesha mkono. Mtu anasema hahesabu halafu anahesabu papo hapo, hata mtoto atamkamata. Ningeutenganisha, ningeweka sabuni mwanzoni mwa wimbo na kukana kuhesabu mwishoni, msikilizaji aviunganishe mwenyewe usiku akiwa amelala. Mama alikataa. Alisema mimi ninafikiri kama mtu anayesoma, na wimbo huu unasikilizwa na watu waliobeba ndoo kichwani, ambao hawatarudi nyuma mistari kumi kutafuta. Wamama wanaupenda ubeti huu kuliko yote. Ukifika hapo foleni nzima inasema «mara saba» kwa pamoja, kwa kuwa kila mmoja anakumbuka zile sabuni, na kila mmoja ana kitu chake alichohesabu nazo. Kambini tarehe hazikai kichwani. Tunasema ilikuwa kabla ya kugawa bashi, ilikuwa baada ya kugawa sabuni. Kwa hiyo labda kwa watu wake ana haki. Kwangu bado unaonyesha mkono.

Baada ya hapo kiitikio kinakuja mara ya tatu na ya mwisho:

Mukipita soko ya Mongbwalu,
mukimuona, mumuambie…

Na anaacha. Anachukua ndoo yake, au mchi, chochote kilicho karibu. Waliokaa naye wanajibu wenyewe «niko muzuri», watu ishirini, thelathini, kila mmoja kwa sababu zake.

Ikabaki kuufikisha. Hapa Bunia tuna redio nyingi, Radio Candip ya ISP ambayo wazazi wetu wamekua nayo, Radio Okapi, na nyingine ndogo za mitaani, na siku ya posho jioni saa za dedikasi watu wanatuma majina na salamu mpaka mtangazaji anapoteza pumzi. Dedikasi ni mjumbe wa Mama kwa sura nyingine. Huko Zanzibar na pwani, kwenye taarabu, mwanamke anainuka katikati ya wimbo, anacheza mpaka mbele ya mwimbaji na kumtunza pesa pale kwenye mstari anaoutaka, na ukumbi wote unajua mstari ule ametumiwa nani, ingawa yeye hajafungua kinywa. Akiulizwa atasema nimependa sauti. Sisi hatuna ukumbi huo, lakini tuna simu na yunite, na mtu anayeomba wimbo fulani kwa ajili ya «ndugu zetu wote wa karye» amefanya kitu hicho hicho.

Nilimrekodi Mama kwa simu, saa kumi na moja asubuhi kabla ya watoto kuamka, na mchi ukasikika vizuri. Mtangazaji mmoja alikubali kuucheza lakini aliomba jambo. Mongbwalu itoke. Alieleza kwamba ukitaja mahali pamoja kwenye redio, nyakati hizi, kuna watu watakaosikia zaidi ya mapenzi, na pia mwanaume anaweza kujulikana na kuchekwa mbele ya wenzake, na mwanaume aliyechekwa ni hatari kwa aliyemchekesha. Nilidhani Mama atakasirika. Alifikiri kidogo akasema «Mukipita soko ya kule». Tukaimba pamoja kupima, na «kule» ilikaa vizuri kuliko jina. Mtu anayetaja mahali ni mtu anayejua anapoelekea. Anayesema «kule» ni mtu ambaye hataki kulitia jina mdomoni, na kila anayesikiliza anaweka jina lake: wengine Mongbwalu, wengine Mambasa, wengine ng'ambo ya ziwa, Uganda. Kambini wanaendelea kuimba Mongbwalu. Redioni ni kule.

Umechezwa siku mbili za posho. Baada ya mara ya pili namba ya mtangazaji ilipokea simu nyingi kuliko kawaida, karibu zote za wamama wanaotaka urudiwe, na moja ya mwanaume aliyekuwa na kelele za mashine nyuma yake. Hakujitambulisha. Aliuliza tu kama yule mama wa wimbo anakaa kambi gani, na kama ni kweli bashi linavuja. Mtangazaji alijibu kwa busara kwamba ni wimbo, na katika wimbo bashi haivuji, mama mwenyewe amesema.

Nilimpelekea Mama habari hii. Alikuwa anachambua maharagwe. Hakuuliza sauti ya mwanaume ilikuwa ya namna gani, na hakuacha kuchambua. Baada ya muda alisema wanaume wa karye ni wengi, na kelele za mashine zote zinafanana. Kisha akaniuliza kama nimesikia kwamba Alhamisi wamegawa sabuni. Nikasema nimesikia. Akasema basi ubeti wa mwisho utabadilika, na akaniimbia pale pale, kwa sauti ndogo kwa sababu ya jirani: bamegawa mara munane.